Zile siku 28 za akaunti ya mama

2023 nilipata nafasi ya mastazi Uingereza, chuo cha nje ya Landani, na barua ya ofa ilipoingia kwa imeili watu wa kwetu Kasarani walianza kunipongeza kana kwamba nishapanda ndege. Lakini ile barua ilikuwa na masharti, walitaka cheti changu cha digrii na dipoziti ya pauni 4,000, karo nzima ikiwa 16,000. Barua ya ofa pekee huwezi kuombea viza ya mwanafunzi ya Uingereza. Kazi yake ni kukuonyesha bei na masharti, ukiyatimiza ndo chuo kinakupa namba ya CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimekupokea, na hiyo CAS ndo watu wa viza wanaangalia.

Basi dipoziti tukalipa, cheti nikatuma, tukabaki na kazi ya kuwaonyesha watu wa viza kwamba pesa ya karo na ya kuishi ipo. Hesabu tulifanyiwa na anti, dadake mama, ambaye amefanya kazi benki miaka mingi na karatasi anazijua. Alichukua kalamu pale mezani akaandika: karo iliyobaki 12,000, halafu pesa ya kuishi, kwa nje ya Landani wakati huo ilikuwa pauni 1,023 kwa mwezi mara miezi 9, hiyo ni 9,207. Jumla 21,207.

Baba alikuwa ametoa hati ya shamba na karatasi za Sacco akidhani zitasaidia. Anti akamwambia kwa upole, "Shemeji, hawa wanataka pesa unayoweza kutoa leo. Shamba si pesa mpaka liuzwe, na akiba ya Sacco huitoi bila kujiondoa uanachama." Bahati mama alikuwa ameuza ploti ya Juja na hela ilikuwa kwa akaunti yake, milioni 3.7. Pesa ya mzazi inakubalika, bora uweke cheti cha kuzaliwa chenye jina lake na barua aliyosaini kwamba anakubali uitumie.

Mwezi wa tano pauni ilikuwa kama shilingi 170, kwa hiyo tulihitaji milioni 3.6 hivi na sisi wote tukaona tumetosha. Anti akakataa. Alisema pesa lazima ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kile kiwango hata siku moja, na wao wanabadilisha shilingi kuwa pauni kwa bei ya OANDA, tovuti ya kubadilisha fedha, ya siku unapotuma ombi, si ya siku ulipoanza kuhesabu, na shilingi yetu mwaka huo ilikuwa inateremka tu. Akampigia mjomba, mjomba akaweka laki 3 kwa akaunti ya mama, ikawa milioni 4 na hesabu ya siku ikaanza siku ile hela yake iliingia. Mwezi wa saba pauni ilipofika 184 nilipiga hesabu upya, ikatoka milioni 3.9 na kidogo. Ile milioni 3.7 ingetuangusha, na stetimenti ingekuwa safi kabisa kwa macho.

Mama aliteseka hizo wiki. Karo ya ndugu yangu wa fomu thrii ilikuwa inadaiwa na pesa iko pale anaiona kwa simu, lakini hakugusa hata shilingi, akaenda kukopa chama.

Tukiwa bado tunangoja siku ziishe chuo kikanitumia rasimu ya CAS niihakiki. Jina sawa, namba ya paspoti sawa, lakini pale pa karo iliyolipwa paliandikwa 0. Nilihisi tumbo limekatika kwa sababu ikienda hivyo pauni 4,000 zetu hazihesabiki, tungetakiwa kuonyesha 25,207, yaani zaidi ya milioni 4.6 ambayo hatukuwa nayo. Nikawatumia risiti ya benki pamoja na ule ukurasa wa barua ya ofa unaotaja dipoziti, nikawaomba warekebishe kabla ya kutoa CAS yenyewe. Ilichukua siku kadhaa za kuandikiana ndo ikaja mpya, 4,000 imelipwa.

Siku 28 zilipotimia mama akaenda benki, akachukua stetimenti iliyogongwa muhuri kila ukurasa, maana ikipita siku 31 kabla hujatuma ombi inakuwa imezeeka. Cheti cha kipimo cha TB nilikuwa nacho tayari, ada ya viza na ile ya afya alilipa mjomba kwa kadi yake, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole. Hata baada ya hapo anti alituambia tusitoe pesa mpaka jibu lije, wakiamua kuulizia benki waikute. Viza ilipotoka mama alilipa deni la chama kwanza, halafu tukatuma karo iliyobaki chuoni haraka kabla pauni haijapanda tena.