Jinsi nilivyokiomba chuo muda wa kulipa karo baada ya shilingi kushuka

Binti yangu anasoma katika chuo kimoja nchini Marekani, na karo yake hulipwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023, dola moja ilipokuwa ikipatikana kwa shilingi 124 hivi za Kenya, nilipiga hesabu ya karo ya muhula wa Januari 2024, dola 6,000, nikapata shilingi 744,000, nikaanza kuziweka akiba kutoka kwenye mshahara. Muhula ulipowadia, dola ilikuwa imefika shilingi 160 hivi, na benki yangu iliiuza kwa 162. Akiba ilikuwa kamili, lakini haikutosha tena kununua hata dola 4,600.

Lililonitia hofu zaidi ya deni lenyewe ni visa. Mwanafunzi mwenye visa ya F-1 hutakiwa awe amesajiliwa kwa masomo ya muda wote, na chuo kikimwondoa darasani kwa sababu ya karo, ruhusa yake ya kukaa nchini humo huingia hatarini. Kwa hiyo nilichohitaji hasa hakikuwa huruma bali uamuzi wa maandishi kwamba angeendelea kuwa mwanafunzi huku mimi nikilipa.

Nilipompigia simu binti yangu kumweleza kuhusu barua niliyokusudia kukiandikia chuo, aliniambia, "Baba, usiitume kabla sijatia sahihi fomu ya ruhusa." Sheria ya Marekani iitwayo FERPA inalinda kumbukumbu za mwanafunzi aliyefikia umri wa miaka 18, hata mbele ya mzazi anayemlipia, na ofisi nyingi za fedha hukataa kumjibu mzazi mpaka mwanafunzi akubali kwa maandishi. Alitia sahihi fomu hiyo, kisha barua yenyewe tukaitia sahihi sote wawili.

Barua niliiandika kwa Kiingereza, ukurasa mmoja tu, na aya yake kuu ilisema hivi: "Ninaomba kulipa dola 4,500 wiki hii, na dola 1,500 zilizobaki kwa mafungu matatu ya dola 500, mwishoni mwa Februari, Machi na Aprili. Ninaomba pia kwamba katika kipindi hicho binti yangu asiondolewe katika masomo, asitozwe faini ya kuchelewa, wala asizuiwe kujisajili kwa muhula ujao." Juu ya aya hiyo niliweka jina lake na namba yake ya mwanafunzi, chini yake nilieleza kwa sentensi mbili jinsi shilingi ilivyoshuka, nikaambatisha viwango vya Benki Kuu ya Kenya vya Januari ya mwaka uliotangulia na vya Januari hiyo, pamoja na hati yangu ya mshahara. Sikuomba punguzo, kwa maana gharama za chuo hazikupungua kwa sababu sarafu yangu imeshuka.

Jambo nililolifikiria kwa muda mrefu kuliko mengine ni ukubwa wa mafungu. Ahadi niliitoa kwa dola, ilhali mshahara wangu ni wa shilingi, na hakuna aliyeweza kuniambia shilingi ingeishia wapi. Nikakadiria dola kwa shilingi 170, bei mbaya kuliko ya siku hiyo: dola 500 zingekuwa shilingi 85,000, kiasi ambacho ningeweza kukitoa kila mwezi bila kukopa. Fungu la dola 750 lingependeza zaidi machoni pa chuo, lakini ningelivunja endapo shilingi ingezidi kuporomoka.

Nilipotuma zile 4,500, kwenye fomu ya benki nilichagua OUR badala ya SHA, ambayo hugawa makato kati ya mtumaji na mpokeaji, ili makato ya benki za njiani yawe juu yangu na chuo kipokee kiasi kile kile nilichoandika katika barua. Fungu likifika likiwa pungufu hata kwa dola 20, mfumo wa chuo huhesabu kwamba deni bado lipo.

Ofisi ya fedha ilikubali mafungu na kufuta faini, ila ilikataa ombi la usajili: mwenye deni hangeweza kujisajili kwa muhula wa vuli, na usajili huo ungefunguliwa kabla ya Aprili kwisha. Tulikubaliana kwamba fungu la mwisho lisogezwe hadi katikati ya Aprili.

Februari hiyo serikali ya Kenya iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni, na hofu iliyokuwa imelisukuma soko ikatulia. Shilingi ilipanda haraka. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imerudi kwenye 132 hivi. Fungu la mwisho lilinigharimu chini ya shilingi 70,000 badala ya zile 85,000 nilizotenga, na kilichobaki nilikiweka katika akaunti ya dola kwa ajili ya muhula wa vuli. Kizuizi kiliondolewa baada ya malipo kuingia, naye binti yangu akajisajili kwa wakati.