Yah: Ombi la Kugharamiwa Nywele

Wiki hii mama ametolewa mtoto wa jicho salama, na ofisini tumehamishiwa jengo jipya na majalada yetu yote. Lakini kichwani mwangu ni barua ya binti yangu Kidawa tu.

Mnajua mimi ni mtu wa masijala, barua za kikazi ndizo zinazonilisha. Jumanne usiku nimekuta moja juu ya sahani ya chakula changu. Anwani yake kulia, tarehe, anwani yangu kushoto, "Ndugu," halafu "YAH: OMBI LA KUGHARAMIWA NYWELE". Mwisho, "Wako mtiifu", saini, majina matatu. Chini kabisa: "Nakala: Mama".

Ndugu! Mimi niliyembeba mgongoni.

Nikamwita. "Kidawa, kwa nini hukuniandikia barua ya kirafiki?"

"Ya kirafiki ungecheka ukaiweka, baba. Hii lazima uijibu."

Hapo ndipo penye mwiba. Nimelirudia jibu hilo kwenye daladala, nimelirudia nikipanga majalada. Lazima uijibu. Kwani lini aliniuliza kitu nikanyamaza? Nikamuuliza mama yake, naye akasema yeye ni nakala tu, hana maamuzi.

Jana nikaisoma kama afisa anayeshughulikia ombi, siyo kama baba aliyenuniwa. Na barua yenyewe, wallahi, imeandikwa. "Tangu kidato cha kwanza kichwa changu kimekuwa sehemu ya sare. Nimemaliza mtihani Novemba, na nikichaguliwa kidato cha tano nitanyoa tena Julai. Naomba katikati hapo nijione nikoje." Nilisimama hapo kidogo.

Dawa ya kulainisha hataki. Ameeleza kwamba nywele zikishatiwa dawa hazirudi, zinazoota chini zinakuja na kipilipili chake, na pale zinapokutana ndipo zinapokatikia. Rasta anataka, ila siyo sasa. Nywele zake zina vidole viwili tu, na msusi akitaka kuzishika zikiwa fupi hivyo itabidi avute mpaka ngozi ya paji isimame. Kwa hiyo kaomba kwa awamu. Februari kuosha na stimu 7,000 na kusuka kwa uzi 5,000, maana uzi unanyoosha nywele bila moto. Rasta baada ya Pasaka: pakti tano za 2,500, msusi 30,000. Ameongeza kitambaa cha satini cha kulalia, 3,000, kwa sababu foronya ya pamba inanyonya mafuta na kuzikwangua nywele usiku. Jumla 57,500. Nimepiga hesabu mara mbili nikitafuta kosa, sikuliona. Hata siki ya kuloweka rasta kabla ya kusuka, ili kichwa kisiwashe, ameandika "ipo jikoni".

Kilichonibadilisha ni aya ya mwisho, isiyo na bei. "Nimemuuliza shangazi kuhusu paji lake."

Dada yangu mnamfahamu, hatoki bila kilemba. Mimi nilidhani ni uchamungu. Kumbe alimfungulia Kidawa na kumwonyesha: juu ya masikio pamebaki ngozi nyororo inayong'aa, hakuna hata kinyweleo. Miaka ya rasta za kubana, anatoka saluni anameza dawa ya maumivu ndipo alale, vipele vyeupe vimejipanga kwenye mizizi, na wasusi wanamwambia zitalegea zenyewe. Vipele vile ndivyo vilikuwa onyo. Wakati ule angefumua na kuuacha mstari wa mbele upumzike, nywele zingerudi. Ngozi ikishakuwa laini vile, hazirudi tena. Kidawa ameandika masharti yake mwenyewe: vinywele vya mbele visiguswe, kikiuma afumuliwe hapo hapo kwenye kiti, na rasta zisipite wiki sita.

Sasa nani alimpeleka binti wa miaka kumi na saba akafunguliwe kilemba ambacho mimi, kaka mtu, sijawahi kukiona kimefunguliwa? Nilisikia fahari, na wivu kidogo pia.

Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Awamu ya kwanza imeidhinishwa. Awamu ya pili iletwe tena Aprili, nywele zikaguliwe kwanza." Nikaweka saini na tarehe. Asubuhi nimekuta amejibu chini yake: "Nashukuru. Fedha zitolewe kwa nani?"

Nimempa mama yake 15,000, pamoja na ya kitambaa. Jumamosi wanakwenda kwa msusi wa pale nyuma ya msikiti, mama mtu mzima mwenye mikono miepesi.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni luku. Nimeweka ya elfu kumi Jumapili, leo mita inalia. Fundi anasema ni friji, jirani anasema kuna waya unavuja ukutani, na huo ukuta ndio upande anakolala mama tangu arudi kutoka hospitali.