Bei ya mdomo

Leo dukani Majengo, mzee mmoja kashikilia kwamba kijana aliyeacha kazi alimwahidi bati geji 30 kwa 24,000. Sisi tunauza 27,000. Sikumwita mwongo, wala sikumtupia lawama kijana ambaye hayupo kujitetea. Nilimuuliza: "Mzee wangu, ilikuwa lini, bati ngapi, na uliacha kianzio?" Kianzio ndicho cha kuangalia kwanza, maana kingekuwepo, risiti ingeonyesha bei na ningeiheshimu. Hakikuwepo. Kwenye kitabu cha profoma nikakuta bei ile kweli, ila kwa bati 100, zikinunuliwa ndani ya siku 14. Yeye anataka 40. Nikamwonyesha ukurasa, nikampa usafiri bure hadi Nala, na bei mpya nikamwandikia, na tarehe ya mwisho.