Siku ya kupima utayari wa darasa la kwanza: vizibo, shati na sikio la kushoto

Saa 12:20 asubuhi. Novemba huku Lushoto ukungu bado umelala juu ya paa. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, na leo napima watoto 6 watakaoingia darasa la kwanza Januari. Kwenye kikapu nimetia vizibo 10 vya soda, kijiko, kikombe cha bati, shati kuukuu la mtoto lenye vifungo 4, sabuni na picha moja ya sokoni. Kadi za herufi zipo pia, lakini huwa nazitoa mwisho kabisa, kwa dakika 2 tu.

Saa 1:30. Wazazi wamefika, na baba mmoja ananiwahi mlangoni: "Mwalimu, huyu wangu anajua a mpaka z. Muulize tu." Namwambia nitamuuliza, ila si sasa. Nawaeleza wote kwamba leo harudishwi mtu nyumbani. Karatasi yangu inakwenda kwa mwalimu wa darasa la kwanza, ajue aanzie wapi na kila mtoto.

Saa 2:00. Naanza na binti wa yule baba. Kweli, herufi anaziimba bila kukwama. Tunacheza mchezo wa kinyume: nikisema "gusa kichwa" aguse vidole vya miguu, nikisema "gusa vidole" aguse kichwa. Kati ya mara 10 anapatia 3. Mkono unakimbilia alichosikia kabla hajakumbuka sharti. Kwenye shati ananinyooshea kifua: "Mama ndiye ananifungia." Hilo linarekebishika nyumbani kwa kuachiwa muda asubuhi. La kungoja zamu na kujizuia ndilo nililoandika kwa kalamu nyekundu, maana darasani watakuwa wengi na mwalimu mmoja.

Saa 3:10. Wa tatu ni mvulana wa muuza nyanya, na huyu ndiye aliyenila asubuhi yote. Nasema: "Chukua kizibo, kiweke chini ya kiti, kisha nipe kijiko." Hapo mikono yangu iko mgongoni na macho nimeyakaza usoni pake, kwa sababu ukikitazama kijiko tu, mtoto atakufuata macho nawe utadhani ameelewa maneno. Anachukua kizibo, anasimama nacho. Narudia. Anatabasamu, basi.

Hapa ndipo wengi huandika "hana umakini" wakafunga faili. Mimi swali langu la kwanza ni lugha, kwa kuwa nyumbani kwao ni Kisambaa kitupu. Namwita bibi anayetupikia uji, naye anampa maagizo yaleyale kwa Kisambaa. Safari hii kizibo kinakwenda chini ya kiti, kijiko hakiji. Kumbe tatizo la Kiswahili limo, lakini si hilo peke yake.

Namwachia vizibo acheze na mwenzake. Dakika 15 nzima wanauza "nyanya". Anapanga mafungu, anadai pesa ya majani, na mteja akitaka kukopa anakataa. Hapo sioni mtoto asiye na umakini. Lakini naona kitu: mwenzake akisema upande wa kushoto, hajibu. Akihamia kulia, bei inatajwa papo hapo.

Saa 3:45. Namsimamisha ananipa mgongo, nami nyuma yake kwa urefu wa mkono. Bibi anamwambia arudie atakachosikia. Nambonyezea kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio la kushoto, napumua nje, kisha nanong'ona: kuku, maji, kiti. Anarudia yote. Nabonyeza la kulia, nanong'ona: moto, ndizi, mbuzi. Kimya. Nambadilishia maneno, bado kimya.

Namwita mama yake. "Sikio lilitoa usaha wakati wa masika, mwalimu, likakauka lenyewe. Nikajua limepona." Namwandikia barua ya kituo cha afya. Mnong'ono wangu unaonyesha tu kwamba kuna jambo. Kama ni nta, usaha uliobaki ndani au ngoma iliyotoboka, hilo ni la mwenye kifaa cha kuchungulia sikio.

Saa 4:30. Uji. Kunawa kabla ya uji ni kipimo pia, ila siwaambii. Nakaa pembeni nione nani anafikisha sabuni katikati ya vidole na nani anafunga bomba la ndoo. Yule wa nyanya anafunga hadi la mwenzake.

Saa 5 mpaka saa 7 nawapima watatu waliobaki. Hawana makubwa. Mmoja alilia hadi alipomwona dada yake dirishani, nikampima tena baada ya mapumziko akawa mwingine kabisa.

Saa 8:15. Naandika. Kwenye herufi mvulana ana 2 tu, zote za jina lake. Chini naongeza: "Akae mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio la kulia lielekee kwa mwalimu. Mwite jina kwanza, akutazame, ndipo umpe agizo." Mama yake ameahidi kwenda kituoni Jumatatu, maana Alhamisi na Jumapili ni siku za gulio.