Kufuta hati ya uwakilishi: benki ijue kabla ya wakala

Mama wa Ujiji, Kigoma, alimpa mpwawe hati ya uwakilishi ili atoe fedha benki na kukusanya kodi ya nyumba. Baadaye alimwambia kwa simu, "Basi, nimekuondoa." Mwezi uliofuata fedha zikatolewa tena, na benki haikuwa na kosa. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, uwakala humalizika kwa wakala anapojua, na kwa mtu mwingine pale naye anapojua. Benki haikuwa imeambiwa.

Tulitatua hivi. Tuliandika hati ya kufuta yenye majina yote mawili kama yalivyo kwenye hati ya zamani, tarehe yake, na maneno "naifuta yote kuanzia leo". Alisaini mbele ya wakili, nakala halisi tano.

Ya kwanza ilienda benki, makusudi, kabla ya mpwa kupata yake, pamoja na barua ya kuomba sahihi yake iondolewe kwenye akaunti na kadi ya ATM aliyonayo ifungwe. Kadi husahaulika sana, nayo haisomi hati. Nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, ushahidi ni dhaifu.

Kisha mpwa akasaini daftari la kupokelea barua na kurudisha hati halisi ya zamani. Wapangaji wawili walipewa zao. Ya tano akabaki nayo mama. Kama hati ingekuwa imesajiliwa kwa Msajili wa Hati, kuifuta nako kungesajiliwa hukohuko.