ISO 640: jinsi nilivyopata picha safi ya usiku Jambiani

Kwa miaka kadhaa nilipiga picha za nyota kwa ISO 3200, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: gizani pandisha ISO, namba inayoamua kamera ikuze mwanga kiasi gani. Kwenye kamera yangu ya kwanza ushauri ule ulifaa kabisa. Ukipiga kwa ISO 200 kisha ukang'arisha picha kwenye kompyuta, sehemu za giza zilijaa chenga na mistari. Nilipohamia Sony A7 III niliendelea na mazoea yale yale, hadi ukuta mmoja mweupe uliponifanya nipime upya.

Ilikuwa Julai, mwezi umeandama tu, pwani ya Jambiani, Unguja. Maji ya bamvua yalikuwa yametoka mbali, ngalawa imelala mchangani, na kitovu cha Njia Nyeupe kiko juu kabisa karibu saa tano kasorobo usiku. Nyuma ya ngalawa kulikuwa na ukuta wa nyumba ya wageni uliomulikwa na taa ya baraza. Kwa ISO 3200 anga lilipendeza, lakini ukuta ulikuwa umeungua: weupe mtupu, hauna hata alama ya chokaa.

Nikafunga kamera kwenye stendi na kupiga mandhari ile ile mara nyingi, lenzi ya milimita 24 kwenye f/1.8, sekunde 10 kila picha. Mwanga ulioingia haukubadilika. Nilichobadilisha ni ISO peke yake: 100, 200, 400, 500, 640, 800, 1600 na 3200. Zote ni faili za RAW, yaani data ya kihisi kabla kamera haijaichakata. Nyumbani nikazipandisha kwenye Lightroom zilingane mng'ao na ile ya 3200. Ya 100 ilihitaji kuzidishwa mng'ao kwa mbili mara tano, yaani stopu 5, ambazo ndizo mwisho wa kitelezi cha Exposure. Ya 500 stopu 2.7 hivi, ya 640 stopu 2.3.

Nilikodolea macho tumbo la ngalawa, kwani chenga huanzia gizani. Picha ya 100 ilikuwa na rangi iliyoharibika. Kutoka 200 hadi 500 hali ilikuwa ya kuvumilika tu. Kisha ikaja 640, na mbao za ngalawa zikaonekana! Hatua moja ndogo ya ISO, na chenga zikapungua ghafla. Kuanzia hapo, 640, 800, 1600 na 3200 sikuweza kuzitofautisha gizani.

Sababu imo ndani ya kihisi. Mwanga unapogonga pikseli huzaa elektroni, nazo hukusanywa kwenye kapasita ndogo na kusomwa kama volti. Kihisi cha aina hii kina ngazi mbili za ukuzaji. Chini ya 640 hutumia kapasita kubwa, inayobeba elektroni nyingi lakini kila moja huinua volti kidogo, hivyo chenga za usomaji huifunika. Kufikia 640 huhamia kapasita ndogo: kila elektroni huinua volti zaidi, na chenga zile zile za saketi hazina nguvu tena. Baada ya hapo kupandisha ISO ni karibu sawa na kuzidisha namba tu, kazi ambayo kompyuta huifanya vilevile. Gharama yake ni kwamba kila ukizidisha, sehemu zinazong'aa hujaa mapema. Kati ya 640 na 3200 unapoteza nafasi mara tano. Kwa 640 chokaa ya ukuta ilirudi, na nyota za wastani za kundi la Akarabu zikabaki na rangi zake.

Kamera yako inaweza kuhama penye namba nyingine, basi ipime. Funika lenzi, weka shata 1/4000, piga RAW moja kwa kila ISO, kisha pima mtawanyiko wa thamani za pikseli. Kwa kawaida mtawanyiko huo hupanda ISO inapopanda. Penye ngazi ya pili hushuka, ingawa ISO imepanda. Kwangu ulishuka kati ya 500 na 640.

Usumbufu upo. Picha ya 640 huonekana nyeusi kwenye skrini, kwa hiyo napanga fremu na kutafuta fokasi kwa ISO 12800, halafu narudisha. JPEG haifai hapa kabisa, maana giza lake huwa limeshatupwa. Na mjini mbinu hii hainisaidii sana: nilipoirudia Forodhani, mwanga wa taa ulileta chenga zake wenyewe, zile za mwanga kufika kwa kubahatisha, na 500 na 640 zikafanana. Hizo hazitibiwi na ISO yoyote. Huko naongeza sekunde, au napiga fremu kumi na kuziunganisha.