Nilivyokamata torki nisiyoijua bila kununua kihisi

"Ongeza I," yaani sehemu ya kidhibiti inayojumlisha kosa, kila mtu aliniambia. Niliongeza. Mota yangu ya servo ilikuwa ikivuta uzi uliofungwa uzito wa kilo 2, na uzito ukining'inia ghafla kasi iliporomoka, ikarudi kwa kusuasua, kisha ikapitiliza. I ilipozidi, mota ikawa inayumba kama mlevi.

Nikaamua kuikadiria torki ya uzito huo yenyewe, yaani usumbufu. Modeli yangu ni fupi: torki ya amri, ukitoa usumbufu, ni inersia mara mchapuko. Igeuze. Pima kasi, pata mchapuko, zidisha kwa inersia ya makadirio `Jn` (kwangu 0.0005 kg·m²), utoe kwenye torki uliyoamuru. Kinachobaki ndicho usumbufu, nao unaurudisha kwenye amri.

Nikaandika hivyo hivyo, kwa majivuno kabisa. Mota ikapiga kelele kama kopo la misumari! Enkoda yangu ina hatua 4000 kwa mzunguko, nami nasoma kila milisekunde 1. Hatua moja tu ikiruka, kasi inabadilika kwa 1.57 rad/s, na mchapuko kwa 1570 rad/s². Zidisha kwa `Jn`: Nm 0.785 za uongo, wakati uzito wenyewe, kwenye ekseli ya nusu kipenyo sm 1, ni Nm 0.2 tu. Nilikuwa napigana na kivuli kikubwa mara nne kuliko adui.

Dawa ni kichujio `g/(s+g)`, lakini utamu uko hapa: kuichuja kasi ili ipatikane mchapuko, `gs/(s+g)`, ni sawa na `g - g*g/(s+g)`. Mchapuko hauhesabiwi popote!

```
z += (1 - exp(-g*T)) * (u_sat + g*Jn*w - z)
d_hat = z - g*Jn*w
u_sat = limit(u_cmd + d_hat)
```

Hapa `w` ni kasi, `T` ni muda kati ya usomaji mmoja na mwingine, `g` ni kasi ya kichujio, na `d_hat` ni usumbufu uliokadiriwa. Kwa `g` ya 100 rad/s, mruko ule ule ulishuka hadi Nm 0.08 hivi. Uzito ukipanda kwa kasi moja, `d_hat` ilisoma wastani wa 0.23, ukishuka, 0.17. Katikati ni 0.20, na 0.03 ni msuguano, ambao sikuwahi kuupima.

Hesabu hii, yaani kichunguzi cha usumbufu, ipewe `u_sat`, yaani torki baada ya kikomo. Mwanzoni nilikipa amri ghafi. Mota ilipofika kikomo chake, kikadhani torki iliyokosekana ni usumbufu, kikaomba zaidi na zaidi.

Jambo jingine lilinitia aibu mbele ya mwenzangu. Nilijivunia `Jn` kubwa kwa sababu usumbufu ulifutika upesi zaidi. Kumbe kasi halisi ya kichunguzi ni `g*Jn/J`, `J` ikiwa inersia halisi. Tulipoondoa uzito na gurudumu lake, `J` ikapungua nusu, kasi hiyo ikawa maradufu, na ucheleweshaji wa usomaji ukaanza kuivumisha mota. Sasa naweka `Jn` ya mota tupu. Mzigo ukiongezeka kinachelewa kidogo, lakini hakivumi.